Mtoto Mwenye Sindromu ya Down: Tuliyojifunza Katika Miaka Yake ya Mwanzo

Swali ambalo wazazi huliuliza kwanza, baada ya daktari kuwatamkia maneno "sindromu ya Down", mara nyingi huwa fupi: Je, mtoto wetu atatembea? Nasi tuliuliza hilo hilo, mama mtu akiwa bado yumo katika arobaini yake. Jibu tulilipata kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, bibi mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alituambia: "Atatembea, inshallah. Lakini wanangu, msiniulize lini, niulizeni vipi." Siku ile hatukumfahamu. Leo binti yetu ana miaka miwili na miezi minane, na tunaona kwamba karibu kila tulilojifunza limo ndani ya kauli ile. Tunayaandika haya kwa ajili ya wazazi ambao habari hiyo wameipata wiki hii, na kwa mashangazi na nyanya watakaowashika mkono.

Kwanza tueleze hali yenyewe ni ipi. Kila chembe ya mwili wa binadamu hubeba nyuzi ndogo za urithi ziitwazo kromosomu, jozi 23. Mtoto mwenye sindromu ya Down huwa na kromosomu ya 21 iliyozidi moja, zikawa tatu badala ya mbili. Jambo hilo limejulikana tangu mwaka 1959. Kwa watoto walio wengi hutokea tu wakati mbegu au yai linapojigawa, kabla hata mimba haijaonekana. Halitokani na alichokula mama, wala jicho la mtu, wala ugomvi wa nyumba. Uwezekano huongezeka umri wa mama unapokuwa mkubwa, lakini akina mama vijana pia huzaa watoto hawa. Mama wa binti yetu alikuwa na miaka 27. Daktari aliona dalili siku ya pili: macho yaliyoinuka pembeni, mstari mmoja uliokata kiganja, na mwili mlegevu. Damu ikachukuliwa, na baada ya wiki kadhaa majibu yakathibitisha.

Dalili hiyo ya mwisho, ulegevu, ndiyo iliyotawala mwaka wetu wa kwanza. Ukimnyanyua mtoto wa kawaida, mwili wake hukushika nao. Binti yetu ukimnyanyua alikuwa akiteleza mikononi mithili ya leso iliyolowa. Sababu ni mbili. Misuli yake hukaza polepole na kwa nguvu ndogo, na kano zinazofunga mifupa kwenye viungo ni laini kupita kiasi, hata nyonga, magoti na shingo hufunguka kuliko inavyotakiwa.

Hapo ndipo ilipotubidi tuzungumze na nyanyake kuhusu kukanda. Sote twajua desturi ya pwani: mtoto akishaogeshwa hupakwa mafuta ya nazi, akakandwa, akanyoshwa mikono na miguu, na wengine humwinua kwa mikono yake miwili ili viungo vikaze. Mtaalamu alitutenganishia mambo mawili. Kumkanda kwa kiganja, polepole, kuanzia begani hadi vidoleni, ni kuzuri; mtoto hujua mwili wake unaanzia wapi na unaishia wapi. Kumvuta viungo, kumning'iniza kwa mikono, au kumzungusha kichwa, kwa mtoto huyu ni hatari, kwa kuwa viungo vyake tayari vimelegea, na mifupa ya juu ya shingo kwa baadhi ya watoto hawa huweza kusogea ikabana uti wa mgongo. Nyanyake alisikiliza kisha akasema, "Basi nitamkanda, sitamnyosha." Na ndivyo alivyofanya kila asubuhi.

Kabla ya zoezi lolote kuanza, tulitakiwa tukapige picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ile waiitayo eko. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na kasoro nyingine haisikiki kwa kipimo cha masikioni katika wiki za mwanzo. Kwa hivyo kila mmoja wao hupimwa, hata akionekana mzima. Wetu alikutwa na tundu dogo baina ya vyumba viwili vya chini. Tuliambiwa tuangalie mambo manne: kutoka jasho anaponyonya, kuhema upesi, kuchoka kabla hajashiba, na uzito kusimama. Hakuwa nayo, na tundu likajifunga lenyewe kabla hajatimiza miaka miwili. Wapo wanaohitaji upasuaji katika miezi ya mwanzo, na kwao kuchelewa kupima ndiko kunakoleta madhara.

Baada ya daktari wa moyo kuturuhusu, tulianza na zoezi lililo mama wa mengine yote, nalo ni kumlaza kifudifudi akiwa macho. Mwanzo tulimlaza juu ya kifua cha mmoja wetu aliyeegemea mito, ili uso wake utazame uso anaoujua. Alipozidi wiki sita tulimhamishia mkekani. Tulikunja leso ikawa kama gogo dogo, tukaiweka chini ya kifua chake, kisha tukamsogeza viwiko hadi vikawa sawasawa chini ya mabega. Kakake wa miaka mitano alilala mbele yake kifudifudi vilevile, wakatazamana. Siku za mwanzo alivumilia dakika moja. Kichwa kilipoanguka na mikono kutawanyika pembeni, tulijua misuli imechoka, tukamgeuza. Kuendelea baada ya hapo ni kumfundisha kukata tamaa. Wakati wa kulala alilazwa chali daima, kamwe si kifudifudi.

Muda tuliupata vipi, nasi tuna watoto wengine na kazi? Hatukutenga saa nzima. Tulifanya kidogo kila baada ya sala, dakika tatu au nne, mara tano kwa siku, nyakati ambazo nyumba yetu imezoea kutulia. Ikifika jioni alikuwa amefanya kazi ya kama robo saa bila mtu yeyote kuhisi mzigo. Mengine yaliingia ndani ya shughuli za kawaida: kumgeuza kwa upande anapobadilishwa nepi, kumwita kutoka kulia kisha kushoto, kumwekea mkononi kijiko cha mti, kitambaa cha hariri, au kifuu cha nazi kilicholainishwa, apate kujua ugumu na ulaini. Alishika kichwa sawasawa alipotimiza miezi mitano.

Sasa tufike kwenye lile neno "vipi". Mtoto mlegevu akiachwa alale chali, miguu yake hufunguka ikalala kando kama ya chura, naye hubaki hivyo kwa sababu hana nguvu ya kuikusanya. Baadaye akianza kukaa, hukaa na miguu imetanuka sana na mgongo umepinda, kwa kuwa mkao huo haumhitaji kutumia misuli ya kiwiliwili. Kisha hugundua njia ya mkato: akiwa kifudifudi huitanua miguu akapiga msamba, akajisukuma nyuma kwa mikono, mara amekaa. Watu wa nyumbani hushangilia kuwa amekaa mwenyewe. Lakini mtaalamu hashangilii, kwa sababu mtoto huyo hajajifunza kujipinda kiunoni, na atakapokuja kutembea atatembea miguu imeachana, magoti yamekakamaa na nyayo zimeelekea nje. Miaka ikipita, mwendo huo huumiza magoti na nyayo.

Kwa hivyo kazi yetu haikuwa kumharakisha akae, bali kumwonyesha njia njema ya kukaa. Alipolala chali tuliweka leso zilizokunjwa nje ya mapaja yake ili magoti yatazame juu, bila kumfunga, miguu ikabaki huru kurusha. Alipokaa mapajani petu tulikusanya mapaja yake, na mikono yetu ikamshika mbavuni. Baada ya wiki nyingi tulishuka tukamshika kiunoni, kisha kwenye nyonga, kila tuliposhuka mgongo wake ukilazimika kufanya kazi zaidi. Mbele yake tuliweka sufuria kubwa iliyofudikizwa, aegemeze viganja juu yake na kuipigapiga. Mgongo ulipoanza kupinda kama upinde, tulirudi kumshika juu zaidi. Na kila alipotaka kuinuka kutoka kulala, tulimpitisha kwa ubavu: kiwiko kwanza, kisha kiganja, kisha makalio. Ni njia ndefu, na mara nyingi alilalamika, lakini aliizoea.

Alikaa mwenyewe akiwa na miezi kumi na moja. Alitambaa akiwa na miezi kumi na sita, na akatembea akiwa na miaka miwili na miezi miwili. Binamu yake aliyezaliwa mwezi ule ule alitembea kabla ya mwaka mmoja na nusu haujafika, na hatutaficha kwamba siku ile ilikuwa nzito kwetu. Watoto wenye sindromu ya Down kwa wastani hukaa wenyewe wakikaribia mwaka mmoja, na hutembea wakikaribia miaka miwili. Lakini wastani huo umezungukwa na uwanja mpana: wapo wanaotembea wakiwa na mwaka mmoja na miezi michache, na wapo wanaofikia miaka minne. Mtoto wa jirani mwenye hali hii si kipimo cha wako. Kipimo cha kweli ni yeye mwenyewe miezi mitatu iliyopita.

Kipimo hicho ndicho kilichotuokoa katika mwezi wake wa saba. Mtoto aliyekuwa akijisukuma kwa viwiko alianza kulala mchana kutwa. Kilio chake kikawa kizito, kama cha mtu mwenye mafua. Alikaa siku tatu, nne, bila kupata choo, na ngozi yake ikakauka hata mafuta hayakuisaidia. Uzito ulikuwa ukipanda vizuri. Tulipoeleza hayo katika kituo kimoja cha afya tuliambiwa, "Watoto hawa ndivyo walivyo." Tulirudi nyumbani tukiwa karibu kuamini.

Lakini yule bibi wa mazoezi alipomwona hakuamini. Alitueleza kanuni ambayo tungependa kila mzazi aihifadhi: mtoto mwenye sindromu ya Down huchelewa kulipata jambo, lakini akishalipata halipotezi bila sababu. Akirudi nyuma, hiyo si hali yake. Hapo pana ugonjwa, na ugonjwa hutafutwa. Alituandikia barua kwa daktari apimwe tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Damu ilionyesha kwamba tezi haitoi homoni ya kutosha, jambo ambalo hutokea kwa watoto hawa mara nyingi kuliko kwa wengine. Akaandikiwa kidonge kidogo, tukawa tunakisaga na kumpa kwa kijiko pamoja na maziwa kidogo ya mama, kila asubuhi saa ile ile. Wiki ya nne haikwisha kabla hajarejea kwenye viwiko vyake.

Ndiyo maana tezi hiyo hupimwa mtoto azaliwapo, akifika miezi sita, akifika mwaka, na kila mwaka baada ya hapo. Mazoezi, hata yakiwa mazuri vipi, hayawezi kushindana na tezi isiyofanya kazi. Homoni hiyo ndiyo inayouwezesha ubongo mchanga kukua, na mwezi unaopotea katika mwaka wa kwanza haulipiki kwa urahisi.

Masikio nayo yana habari kama hiyo. Njia za sikio za watoto hawa ni nyembamba, na majimaji hukusanyika nyuma ya kiwambo bila maumivu wala usaha wa kuonekana. Mtoto husikia kama aliye chini ya maji. Akiitwa hageuki, na watu husema hafahamu, kumbe hasikii. Binti yetu alipimwa akiwa na miezi minane, kisha tena akiwa na mwaka na miezi miwili, na mara hiyo ya pili majimaji yalikutwa katika masikio yote mawili. Tuliagizwa kuyafuatilia, na katika muda huo kuzungumza naye uso kwa uso, kwa karibu, redio ikiwa imezimwa. Baada ya miezi mitatu yalikuwa yamekauka. Yasipokauka, daktari huweza kuweka mrija mdogo wa kuyatoa.

Katika kuzungumza, watoto hawa hufahamu mengi kuliko wanavyoweza kutamka, kwa kuwa ulimi na midomo pia ni misuli, nayo ni milegevu. Pengo hilo baina ya kufahamu na kusema huleta hasira, mtoto akauma au akatupa vitu. Tulifundishwa kuliziba kwa ishara za mkono. Tulianza na tatu tu: maziwa, zaidi, na basi. Kila tulipotamka neno tulifanya na ishara yake, katika jambo lenyewe, kikombe kikiwa mbele yake. Ilichukua miezi minne kabla hajarudisha ishara ya kwanza, "zaidi", kwa ajili ya ndizi. Jamaa zetu walihofu kwamba ishara zitamfanya mvivu wa kusema. Ishara hazizuii maneno. Humpa mtoto cha kutumia wakati maneno yanasubiriwa, na neno likiweza kutamkika, yeye mwenyewe huiacha ishara. Leo ana ishara zipatazo thelathini na maneno kumi na mawili. Neno "maji" tayari halina ishara tena.

Imebaki tuseme mazoezi haya hayafanyi nini, kwa maana wazazi wapya huuziwa matumaini mengi. Hayaiondoi kromosomu ya tatu. Hayamfanyi mtoto awe kana kwamba hakuzaliwa nayo. Hakuna dawa, vitamini, mafuta wala kombe linaloibadilisha hali hii, na anayedai fedha kwa ahadi hiyo anakula pesa za mtoto. Watoto hawa wote hujifunza polepole, na wengi wao watakuwa na upungufu wa akili wa kiasi kidogo au cha kati. Ni kiasi gani, hakuna awezaye kukuambia kwa kumtazama mtoto wa wiki mbili, si kwa umbo la uso wala kwa ulegevu wa mwili. Atakayekuambia "huyu hatajua chochote" hajui, na atakayekuambia "huyu atakuwa kama wenzake" pia hajui.

Mazoezi hufanya jambo dogo kuliko hilo, nalo ni la kweli. Humzuia mtoto asijenge mazoea yatakayomtesa baadaye. Humpa njia ya kuomba anachokitaka. Na humweka mbele ya macho ya watu wanaomwangalia kila siku kwa makini, ili jambo linaloweza kutibiwa lisifichwe nyuma ya jina la hali yake.

Kwa mzazi aliyeipata habari hii juzi, orodha yetu ya miezi mitatu ya mwanzo ni fupi. Picha ya moyo kwanza. Kipimo cha tezi na cha masikio. Kunyonya mara kwa mara, kila saa mbili au tatu, hata ikibidi kumwamsha, maana mtoto mlegevu huchoka upesi wala halii kwa njaa kama wenzake. Ukimshikilia kidevu kwa kidole wakati wa kunyonya, midomo yake huziba vizuri zaidi. Uzito wake uandikwe katika kijitabu cha kliniki, na daktari aulizwe kama anayo chati ya ukuaji ya watoto wenye sindromu ya Down, kwa kuwa wao hukua kwa kimo chao. Kisha mkeka, leso iliyokunjwa, na dakika moja kifudifudi. Mengine yatakuja kwa zamu yake.

Kwetu zamu iliyofika sasa ni ngazi. Nyumba yetu ina vidaraja vitatu kuelekea uani, naye hushuka kwa kukaa makalio, kimoja baada ya kimoja. Wiki hii tumeanza kumfundisha ashike ukuta kwa mkono mmoja na atangulize mguu. Tumeambiwa huenda ikachukua hadi Ramadhani ijayo, au zaidi.